Mapendekezo ya Mikisa na Spika Mpya za Kanisa: Ulinganisho wa Njia Tatu na Gharama Zake

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe, Kamati ya Fedha na Mipango ya usharika
Nakala: Mchungaji Kiongozi; Mwenyekiti wa Kwaya Kuu
Kutoka: Fundi mitambo wa kujitolea

YAH: UNUNUZI WA MIKISA NA SPIKA MPYA

Wapendwa wazee wetu na wajumbe wa kamati, Bwana Yesu asifiwe.

Katika kikao kilichopita mliniagiza nilete mapendekezo ya mitambo yakiwa na sababu na gharama, ili kamati ichague badala ya kuletewa jina la kitu kimoja na bei yake. Nimefanya hivyo. Ninazo njia tatu, nitazieleza moja baada ya nyingine na kusema wazi ninayoipendelea. Bei nilizoandika ni makisio niliyoyakusanya kwa kuulizia maduka ya Kariakoo na kuyakadiria juu kidogo, kwa hiyo kabla ya malipo yoyote kamati idai proforma tatu.

Naomba kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu tukikosea hapo tutanunua dawa isiyo yake. Malalamiko tunayoyapokea kutoka mabenchi ya nyuma ni kwamba "sauti haitoshi". Tukiongeza sauti, maiki ya mimbari inaanza kupiga mluzi, na wale wa nyuma bado hawaelewi mahubiri. Wanasikia kwamba mchungaji anaongea, ila hawashiki maneno. Kwa hiyo sauti ipo ya kutosha. Kinachokosekana huko nyuma ni maneno kufika yakiwa safi.

Mtu yeyote kwenye kamati anaweza kulihakikisha hili mwenyewe. Mwambieni mzee mmoja asimame mimbarini asome polepole maneno yanayokaribiana: pata, bata, kata, tata, data, paka, taka, kaka. Wengine wakae mabenchi ya mbele, ya katikati na ya nyuma, kila mmoja na karatasi, waandike wanachosikia. Tulipolifanya zoezi hili na wanakwaya, wa mbele waliandika karibu yote sawa. Wa nyuma waliandika "bata" pale liliposomwa "pata", na "kaka" pale liliposomwa "taka". Irabu zilifika, konsonanti zilipotea njiani. Kuongeza sauti hakukubadilisha makosa hayo.

Sababu yake ni jengo letu. Kanisa lina urefu wa mita 28, upana wa mita 14, na tukichukua wastani wa kimo mpaka dari ni mita 7. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta, na dari ni ngumu. Hakuna kitu laini cha kumeza sauti isipokuwa watu wenyewe. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutafuta kwa nini ukumbi mmoja wa mihadhara pale chuoni haukusikika. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anapima mwangwi unavyofupika kila anapoongeza mito. Kanuni aliyoipata inatumika mpaka leo: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa jengo, gawanya kwa eneo linalomeza sauti.

Nikiiweka kwenye jengo letu, ujazo ni karibu mita za ujazo 2,740. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni kama mita za mraba 1,370, na sehemu ngumu kama hizi humeza takriban asilimia 5 tu ya sauti inayozigonga, sawa na mita za mraba 69. Kanisa likiwa tupu, mwangwi unadumu zaidi ya sekunde 6. Likiwa na watu 350 wa ibada ya pili, kila mmoja akimeza kama mita 0.4 za mraba, mwangwi unashuka hadi sekunde 2 hivi. Kwenye ibada ya kwanza yenye watu kama 100, unakuwa sekunde 4. Haya ni makadirio ya karatasi na kipimo halisi kinaweza kutofautiana, lakini yanaeleza kitu ambacho kila mwanakwaya anakijua: mazoezi ya Jumamosi kanisa likiwa tupu sauti inavurugika, na Jumapili inatulia. Yanaeleza pia kwa nini wazee wa ibada ya kwanza ndio wanaolalamika zaidi, ingawa wao ni wachache na wana nafasi ya kukaa mbele.

Sasa, spika zetu za zamani zimefungwa juu sana, karibu na dari pande mbili za madhabahu, zikielekea ukuta wa nyuma. Sauti inayotoka kwenye spika inafika sikioni kwa njia mbili: moja kwa moja, au baada ya kugonga dari na kuta. Ile ya moja kwa moja inapungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 3 kutoka kwenye spika na aliye mita 24 wanatofautiana mara mbili tatu (3 hadi 6, 6 hadi 12, 12 hadi 24), yaani desibeli 18. Mwangwi kwa upande wake umejaa kanisa zima kwa kiasi kinacholingana. Kwa hiyo mbele sauti ya moja kwa moja inaushinda mwangwi, na nyuma mwangwi unashinda. Ukiongeza sauti kwenye mikisa vyote viwili vinapanda pamoja, na uwiano unabaki palepale. Ndiyo maana hakuna amplifaya, hata iwe kubwa namna gani, itakayoponya benchi la nyuma ikiwa spika zitabaki mbele peke yake.

Kinachoponya ni kupunguza umbali. Tukimpa aliye nyuma spika iliyo mita 12 badala ya 24, anapata desibeli 6 zaidi za sauti ya moja kwa moja. Kuzipata desibeli 6 kwa nguvu za umeme kungetaka amplifaya yenye wati mara nne, na mwangwi ungepanda nazo.

Baada ya hayo naweza kueleza njia tatu.

Njia ya kwanza, nitaiita A, ndiyo tuliyoizoea na ndiyo maduka mengi yatakayotupendekezea. Ni mikisa ya analogia Yamaha MG20XU, spika mbili za inchi 15 zisizo na amplifaya ndani, mfano JBL JRX215, na amplifaya ya pembeni kama Crown XLS 1502. Sitaibeza njia hii. MG20XU ina nafasi 16 za maiki, kila chaneli ina vitufe vyake unavyoviona kwa macho, na kijana yeyote aliyewahi kugusa mikisa ataiendesha siku hiyohiyo. Umeme ukikatika na kurudi, inarudi ilivyokuwa. Ikiharibika chaneli moja, nyingine zinaendelea, na mafundi wa kuitengeneza wanapatikana. Kwa kanisa la mita 12 kwa 8 ningeichagua bila kusita.

Udhaifu wake kwetu ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba inaacha spika mbili mbele, kwa hiyo ugonjwa niliouelezea unabaki, ukiwa na vifaa vipya. La pili ni kwamba tunapokezana mafundi watatu, na kila mmoja akimaliza zamu anaacha vitufe alivyovizoea yeye. Wa zamu inayofuata anaanza upya, mara nyingi ibada ikiwa imeshaanza. Kwenye analogia hakuna namna ya kuhifadhi mpangilio isipokuwa kupiga picha kwa simu na kurudisha kitufe kimoja kimoja.

Njia B ni ile ambayo vijana wa timu ya sifa wanaitamani, na wana sababu. Ni mikisa ya dijitali Behringer X32 Compact pamoja na spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, JBL EON715. X32 Compact ni mashine kamili. Ina nafasi 16 za maiki, matokeo 8 nyuma yake, na vitelezi 17 vinavyojisogeza vyenyewe ukibadili mpangilio, kwa hiyo fundi bado anashika kitu kwa vidole badala ya kugusa kioo. Inaweza kuchelewesha sauti kwenye matokeo yake, jambo nitakaloeleza umuhimu wake hapa chini. Tungekuwa na fedha za kutosha kununua X32 na spika nne, barua hii ingekuwa fupi. Kwa bajeti yetu, ukishalipia mikisa hiyo kinachobaki kinatosha spika mbili tu, na hizo mbili zitafungwa mbele. Tutakuwa na mikisa bora kuliko zote kwa mtu anayekaa nyuma ya mikisa, na benchi la nyuma litabaki linaandika "bata".

Njia C ndiyo ninayoipendekeza. Inachukua mikisa ndogo na ya bei nafuu, Behringer XR18, halafu inapeleka fedha kwenye spika nne za inchi 10, JBL EON710, zenye amplifaya ndani. Mbili zinafungwa mbele, kwenye kuta za pembeni karibu na madhabahu, na mbili zinafungwa kwenye kuta hizohizo mita 13 nyuma yake, zikiangalia nyuma. Zote zinakaa kimo cha mita 3 hivi na kuinamishwa kuelekea vichwa vya watu, maana watu ndio wanaomeza sauti; ukuta na dari vinairudisha.

Najua mjumbe mmoja atauliza: inchi 10 zitatosha badala ya 15? Kwa maneno, ndiyo. Ukubwa wa koni unaongeza besi nzito, na besi haibebi konsonanti. EON710 imeandikwa wati 1,300 za kilele, ambazo ni wati 650 za kuendelea. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kutazama dukani, na mkiona spika ya bei ya chini imeandikwa "5000W PMPO", mjue ni namba ya kuuzia. Hapa sitaficha upande wa pili: kwaya ya vijana watalikosa lile ngurumo la gitaa la besi na ngoma waliyoizoea kwenye spika za inchi 15. Kama mwakani kamati itapenda, tunaweza kuongeza spika moja ya besi pekee, na XR18 itakuwa na nafasi ya kuiendesha. Kwa sasa naona mahubiri na masomo yatangulie.

Spika za kati zina hatari yake, nayo ni lazima ishughulikiwe siku ya kufunga. Umeme unapita kwenye kebo papo hapo, lakini sauti hewani inasafiri kama mita 346 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 25. Maana yake, neno la mchungaji litatoka kwenye spika ya kati kabla lile la spika ya mbele halijafika pale. Aliye nyuma atalisikia mara mbili, na hali itakuwa mbaya kuliko ya sasa. Dawa yake ni kuzichelewesha spika za kati. Hesabu ni mita 13 gawanya kwa 346, tunapata milisekunde 38. Tunaongeza nyingine 10 hivi kwa makusudi, ziwe 48, kwa sababu sikio huamini kwamba sauti imetoka kule ilikoanza kufika. Ile ya mbele ikitangulia kidogo, mtu wa nyuma ataona mchungaji anaongea kutoka mimbarini, wala hatahisi kwamba kuna spika ubavuni mwake.

Kipengele hicho cha kuchelewesha kipo ndani ya EON710 zenyewe. Kina kioo kidogo nyuma ya spika, au unaseti kwa simu kupitia programu ya JBL Pro Connect. Hapa ndipo njia C inapookoa fedha: kwa kuwa spika zinajichelewesha, hatulazimiki kununua mikisa kubwa kwa ajili ya kazi hiyo. Spika za kati zifunguliwe chini kidogo ya zile za mbele, maana kila spika inayoongezwa inaongeza pia mwangwi wake. Kipimo ni hiki: ukikaa benchi la katikati na ukaitambua spika ya ukutani kama chanzo cha sauti, ujue imefunguliwa mno au imecheleweshwa pungufu.

Kuhusu XR18 yenyewe, niseme ilivyo. Ni kisanduku kisicho na vitelezi hata kimoja. Ina nafasi 16 za maiki na nyingine mbili za laini, matokeo ya spika kuu na matokeo 6 ya AUX. Nimeorodhesha tunavyovitumia siku ya ibada kubwa: mimbari, madhabahu, maiki mbili zisizo na waya, maiki nne za kwaya, tatu za waongoza sifa, kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi na maiki moja ya ngoma. Hizo ni 15. Kompyuta ya nyimbo na matangazo inaingia kwenye zile mbili za laini. Kwa hiyo tunabakiwa na nafasi moja tu ya maiki. Kama usharika unakusudia kuanzisha bendi ya matarumbeta ndani ya miaka miwili ijayo, kamati inieleze sasa, kwa sababu hilo litabadilisha pendekezo langu.

Kwenye matokeo, spika za mbele zitachukua njia kuu, za kati zitachukua AUX ya kwanza, monita mbili tulizo nazo za kwaya na waongoza sifa zitachukua ya pili na ya tatu, na ya nne itapeleka sauti safi kwenye kamera ya matangazo ya mtandaoni, ambayo leo inatumia maiki yake yenyewe. Mbili zinabaki. Moja kati ya hizo naiona ikienda kwenye spika ya barazani, wanakokaa akina mama wenye watoto wachanga.

Faida yake kubwa kwetu ni kuhifadhi mipangilio, na inahifadhi hadi 64. Tutakuwa na mpangilio wa ibada ya kwanza, wa ibada ya pili, wa kipindi cha vijana na wa mazishi. Fundi wa zamu anaufungua, anakagua, anaanza. Kila chaneli ina kichujio cha kukata mngurumo wa chini, ekwalaiza yake na kidhibiti cha kushusha sauti inayoruka ghafla, kwa upana kuliko tunavyovipata kwenye mikisa ya analogia ya njia A. Tena, kwa kuwa inaendeshwa kwa tableti, fundi anaweza kutoka kwenye kona yake, akaenda kukaa benchi la nyuma na kurekebisha sauti akiwa pale inaposikika vibaya. Kona tuliyopewa ya mitambo ipo chini ya ngazi, na mtu aliyeketi pale hasikii kile ambacho waumini wanasikia.

Udhaifu wake unatokana na hilohilo. Tableti ikizima, au mtandao ukikatika katikati ya ibada, sauti inaendelea kama ilivyo ila huwezi kugusa kitu. Waifai ya ndani ya XR18 ni ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, na kanisa likijaa simu 300 masafa hayo yanasongamana. Nimewauliza mafundi wa makanisa mengine wanaoitumia, na karibu kila mwenye shida nayo alikuwa anategemea waifai hiyo ya ndani. Wasio na shida wamechomeka ruta yao ya 5 GHz kwa kebo. Kwa hiyo ruta katika bajeti yangu naihesabu kuwa sehemu ya mikisa, na naomba isikatwe wakati wa kupunguza gharama. Zaidi ya hapo, kompyuta ya kanisa itawekewa programu ya X AIR EDIT na kuunganishwa kwa kebo kwenye ruta hiyohiyo, ili tableti ikigoma tuhamie huko. Tableti iwe ya mitambo tu, isiwe na laini ya simu, na neno la siri la ruta lisitolewe kwa mtu yeyote nje ya mafundi.

Jambo la umeme linagusa B na C sawasawa. Mikisa ya dijitali ikikatikiwa umeme inajiwasha upya kama kompyuta, na katika muda huo kanisa liko kimya. Kila tunapohamia kwenye jenereta tungepata ukimya huo. UPS ya VA 1,000 itakayobeba mikisa, ruta na vipokezi vya maiki zisizo na waya inaliondoa tatizo kabisa, kwa sababu vyote hivyo vinakula umeme kidogo sana. Spika zisichomekwe kwenye UPS. Zitazima na kuwaka zenyewe, hazina cha kupoteza. Lakini soketi za spika zote nne zitoke kwenye bodi moja ya umeme na mikisa, kwenye fezi moja. Zikichukuliwa soketi za popote zilipo, zikiwa na njia tofauti za ardhi, tutapata mngurumo wa kudumu kwenye spika na watu watadhani mikisa ni mbovu. Ndiyo sababu fungu la umeme la njia C ni kubwa kidogo.

Huu hapa ulinganisho wa gharama kwa shilingi za Tanzania:

| Kifungu | Njia A | Njia B | Njia C |
|---|---|---|---|
| Mikisa | 2,800,000 | 6,500,000 | 1,900,000 |
| Spika | 2,600,000 (2) | 4,100,000 (2) | 6,200,000 (4) |
| Amplifaya | 1,700,000 | – | – |
| Tableti na ruta | – | – | 800,000 |
| UPS | – | 350,000 | 350,000 |
| Kebo na mabano ya ukutani | 400,000 | 600,000 | 840,000 |
| Kazi ya umeme | 150,000 | 150,000 | 400,000 |
| Kabati la kufungia | 200,000 | 200,000 | 200,000 |
| Jumla ndogo | 7,850,000 | 11,900,000 | 10,690,000 |
| Dharura, asilimia 10 | 785,000 | 1,190,000 | 1,069,000 |
| Jumla | 8,635,000 | 13,090,000 | 11,759,000 |

Njia C inazidi A kwa shilingi 3,124,000. Mtu akiniuliza fedha hizo zinanunua nini, nitamjibu kwamba zinanunua nusu ya nyuma ya kanisa. Kwa A tutatumia zaidi ya milioni nane na watu walewale watarudi kwenye kikao kijacho na lalamiko lilelile.

Mabano ya ukutani naomba yasiachwe kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani bila michoro. Spika itaning'inia juu ya vichwa vya watu kwa miaka mingi. Kila moja ifungwe kwa boliti za kupenya kwenye nguzo ya zege na si kwenye tofali, tena iwe na mnyororo wa pili wa usalama uliofungwa mahali pengine tofauti na bano.

Kama fedha hazitapatikana kwa mara moja, naomba spika zitangulie na mikisa ifuate. Najua desturi ni kuanza na mikisa, lakini kwa kuwa ucheleweshaji upo ndani ya spika, mikisa yetu ya zamani yenye chaneli 12 inaweza kuziendesha zote nne, ingawa vitelezi vyake vinakwaruza. Awamu ya kwanza ingekuwa spika, kebo, mabano na kazi ya umeme: shilingi 7,440,000, na pamoja na dharura 8,184,000. Awamu ya pili ni XR18, tableti, ruta, UPS na kabati: shilingi 3,250,000, na pamoja na dharura 3,575,000. Tukianza na mikisa, waumini hawatasikia tofauti yoyote mpaka awamu ya pili, na michango ya awamu hiyo itakuwa migumu kuikusanya.

Amplifaya na spika za zamani zisiuzwe. Bei yake sokoni ni ndogo, na zinatufaa chini ya hema Pasaka, Krismasi na sikukuu ya mavuno, ambapo leo tunalipa kukodi.

Nimeulizwa pia kuhusu mapazia. Pazia zito la kitambaa kilichokunjwa, likitundikwa ukuta mzima wa nyuma, litapunguza sauti inayogonga ukuta huo na kurudi mimbarini, na litasaidia maiki isipige mluzi. Sikuliweka kwenye bajeti kwa kuwa umoja wa wanawake wameonyesha nia ya kulishughulikia. Haliwezi kuchukua nafasi ya spika za kati, ila wakilifanya ibada ya kwanza itakuwa ya kwanza kunufaika.

Wakati wa kununua, risiti ya EFD iandikwe jina la usharika, namba za vifaa zinakiliwe kwenye daftari la mali, na dhamana iandikwe kwa maandishi. Bidhaa feki za majina haya zipo sokoni. Ishara ya haraka ni bei iliyo chini mno, namba ya kifaa isiyolingana na ya kwenye boksi, na muuzaji asiyekubali spika iwashwe hapohapo dukani.

Kabla kamati haijapitisha senti, naomba ruhusa ya jambo moja. Tukodi spika mbili zenye amplifaya na kipengele cha kuchelewesha kwa Jumapili moja, tuziweke kwenye stendi katikati ya kanisa, na turudie lile zoezi la maneno baada ya ibada ya kwanza, wajumbe wenyewe wakiwa wamekaa nyuma na karatasi. Tusome mara ya kwanza spika za kati zikiwa zimezimwa, mara ya pili zikiwa zimewashwa. Kama karatasi za mara ya pili hazitakuwa na makosa machache kwa wazi, nitaliondoa pendekezo la njia C na tutajadili A. Nipo tayari kuandaa Jumapili yoyote ambayo Mchungaji Kiongozi ataona inafaa.

Wenu katika utumishi,

Fundi mitambo wa kujitolea
Kwa niaba ya mafundi wenzangu wa zamu